Asali, saili, samli: kutatua hitilafu za mchezo wa kubashiri neno

Mchezo wenyewe wengi wanaujua. Neno, kwa kawaida la herufi tano, limefichwa, mchezaji ana majaribio sita, na kila jaribio linapakwa rangi: kijani ikiwa herufi imo na imekaa mahali pake, njano ikiwa imo lakini si hapo, kijivu ikiwa haimo. Josh Wardle aliuweka hadharani kwa Kiingereza mwaka 2021 kwa jina la Wordle, na Januari 2022 gazeti la New York Times likaununua. Tangu hapo watu wa kila lugha wamekuwa wakitengeneza wa kwao, na wa Kiswahili ni rahisi kuutengeneza kwa jioni moja. Kazi inaanza pale watu wanapoucheza.

Malalamiko yanayotoka kwa wachezaji wa Unguja na Pemba hayatofautiani sana, na mara nyingi si kompyuta iliyokosea. Ni kwamba mtengenezaji alichukua kanuni za Kiingereza kama zilivyo bila kuamua Kiswahili kinahesabiwaje: neno ni lipi, kisanduku kimoja kinabeba nini, silabi inaishia wapi. Hapa nimeyapanga kwa dalili, na ndani ya kila dalili naanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi. Kabla hujagusa chochote, nakili faili la orodha ya maneno na programu nzima, uweke pembeni.

Dalili: neno la kweli linakataliwa

Angalia kwanza kama linakataliwa neno moja au yanakataliwa yote. Yakikataliwa yote, hata "asali" na "pweza", usianze kubishana na kamusi. Faili lina takataka zisizoonekana. Likiwa limeandikwa kwenye Windows, kila mstari unamalizikia kwa alama mbili badala ya moja, na programu inayokata mistari kwa `\n` peke yake inabakiwa na `\r` mwishoni mwa kila neno. Kwa macho unaona herufi tano, kompyuta inaona sita. Chungulia hivi:

```python
for mstari in open("orodha.txt", encoding="utf-8", newline=""):
    print(repr(mstari))
```

Ukiona `'asali\r\n'` au `'asali \n'`, umeshampata mwizi. Dawa ni kusafisha kila neno linaposomwa, na kusafisha pia kile anachoandika mchezaji, kwa sababu simu nyingi hupenda kuanza neno kwa herufi kubwa na "Asali" kwa kompyuta si "asali".

Linapokataliwa neno moja moja, sababu ya kwanza ni umbo la neno. Orodha nyingi zimetolewa kwenye vidahizo vya kamusi, yaani yale maneno yanayoanzia maelezo, na kamusi inaorodhesha "chura", haiorodheshi "vyura". Inaorodhesha "piga", na "pigwa" huenda iko ndani ya maelezo tu. Mchezaji hajali kidahizo ni nini. Yeye anajua "vyura" ni neno, na ana haki.

Hapa lazima uamue, na uamuzi wangu ni kuwa na orodha mbili. Ya kwanza ni ya majibu: majina katika umoja, pamoja na yale yasiyo na umoja wa kawaida kama "maji", na vitenzi katika umbo lake la msingi. Ya pili ni ya majaribio yanayokubalika, nayo iwe pana: wingi wa majina, na vitenzi vilivyonyambuliwa kama "pigwa", "pikia" na "lipwa". Mimi naweka mpaka kwenye viambishi vya nafsi. "Akala", "akaja", "asome" na "aende" ni Kiswahili safi, lakini ukiyafungulia mlango hutaufunga tena, maana kitenzi kimoja kikipewa nafsi, njeo na mtendwa kinazaa maumbo mengi kuliko orodha yako yote. Mchezaji mjanja atayatumia kuvulia irabu tu. Wapo wanaoruhusu, na mchezo wao unakuwa mwepesi zaidi. Ukiruhusu, waambie wachezaji mapema, usiruhusu leo ukakataza kesho.

Sababu ya pili ni kwamba orodha haikutengenezwa kwa watu wa huku. "Skuli", "boflo" na "urojo" zote zina herufi tano, na zote ni maneno ambayo mtu wa Mkunazini au wa Wete atayajaribu bila kufikiri mara mbili. Orodha iliyokusanywa kutoka magazeti ya bara itakuwa na "shule" na "mkate", na "boflo" itakosekana. Vilevile tahajia: wengi hapa wanaandika "kheri" na "khabari" pale ambapo kitabu cha sanifu kinaandika "heri" na "habari". Haya yote yaingize kwenye orodha ya majaribio bila ubishi. Kwenye orodha ya majibu kuwa mgumu zaidi: neno lenye tahajia mbili zenye idadi tofauti za herufi lisiwe jibu, kwa sababu anayelijua kwa tahajia nyengine hana njia ya kulifikia. Neno la huku ambalo halina mvutano, kama "urojo", liwe jibu na watu wafurahi. Ukitaka kuhakikisha neno la Zanzibar, Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, la mwaka 2010 ndilo la kufungua kwanza.

Simama hapa: orodha ya majibu isiingie mchezoni kabla mtu mzima anayekijua Kiswahili vizuri, mwalimu ikiwezekana, hajaisoma neno kwa neno. Orodha zinazookotwa mtandaoni huwa na matusi ndani, na mchezo huu unachezwa na mtu na mama yake.

Dalili: neno la jana limerudi leo

Ni dalili fupi lakini inatisha, na karibu kila mara hutokea baada ya mtengenezaji kuongeza neno jipya. Programu nyingi huchagua jibu kwa kugawa namba ya siku kwa urefu wa orodha na kuchukua baki. Tuseme leo ni siku ya 1,000 na orodha ina maneno 600: baki ni 400. Jana, siku ya 999, ilikuwa 399. Ukiongeza neno moja tu, hata mwishoni kabisa, orodha inakuwa ya 601 na baki ya leo inakuwa 399. Neno la jana limerudi, na nusu ya wachezaji waliofungua asubuhi wana jibu moja, nusu waliofungua mchana wana jengine.

Dawa ya haraka ni kurudisha orodha ya zamani. Ya kudumu ni kutobadilisha urefu wa orodha ya majibu katikati ya msimu: neno baya libadilishwe papo hapo kwenye mstari wake, na maneno mapya yasubiri. Ikiwa alama za wachezaji zimehifadhiwa kwenye hifadhidata na si kwenye simu zao, usijaribu kusahihisha rekodi kwa mkono wako. Mwite aliyeitengeneza hifadhidata.

Dalili: rangi zinasema herufi zipo mbili, kumbe iko moja

Hili ndilo lalamiko ninalolipenda, kwa sababu wachezaji wenyewe huligundua kwa akili. Mmoja wa Pemba aliandika: "Maalim, mchezo wako mwongo. Umenambia a ziko mbili, na mahali pa kuziweka hamna." Alikuwa sahihi kabisa. Tuipitie kesi yake, maana ndani yake mna hitilafu tatu tofauti.

Jibu lilikuwa "samli". Yeye alianza na "asali":

```
jibu:     s a m l i
jaribio:  a s a l i
```

L na i ziko mahali pake, kijani. S imo lakini si kisanduku cha pili, njano. A ya kwanza imo lakini si hapo, njano. Je, a ya kisanduku cha tatu? "Samli" ina a moja tu, na hiyo moja imeshatumiwa na a ya kwanza. Kwa hiyo a ya tatu lazima iwe kijivu.

Mchezo wake uliipaka njano. Angalia alivyokwama: visanduku viwili vya mwisho vimeshajaa, vimebaki vitatu vya mwanzo, na ameambiwa vibebe a mbili na s. A haikai cha kwanza, haikai cha tatu. Kimebaki cha pili peke yake. A mbili haziingii kisanduku kimoja, na ndipo alipojua anadanganywa. Sababu yake, na ndiyo inayoongoza kwa kutokea, ni kwamba programu inauliza tu "je, herufi hii imo ndani ya jibu?" bila kuhesabu imo mara ngapi. Kwa Kiingereza hitilafu hii inaweza kujificha muda mrefu. Kwa Kiswahili haifichiki, kwa sababu maneno yetu hurudia irabu: asali, karata, bibi, kikoi, shamba. Kila siku mtu atagonga.

Hitilafu ya pili hujitokeza baada ya wewe kuanza kuhesabu, ukadhani umemaliza. Ungekuwa umeonyeshwa rangi sahihi, baada ya "asali" ungejua a iko ya pili, na "saili" ingekuwa jaribio zuri. Sasa i ziko mbili katika jaribio na moja katika jibu:

```
jibu:     s a m l i
jaribio:  s a i l i
```

Programu inayotembea mara moja tu kutoka kushoto inafika kwenye i ya tatu, inaona i bado haijatumiwa, inaipaka njano. Inapofika i ya tano, ambayo ni kijani halali, ama hesabu imekwisha na inaipaka kijivu, ama inaipaka kijani na mchezaji anaamini i ziko mbili. Vyote viwili ni uongo. Kijani ina haki ya kwanza, kwa hiyo programu lazima ipite mara mbili: mara ya kwanza ikusanye kijani zote, mara ya pili igawe njano kwa herufi zilizobaki.

```python
def rangi(jibu, jaribio):
    matokeo = ["kijivu"] * len(jibu)
    baki = []
    for i in range(len(jibu)):
        if jaribio[i] == jibu[i]:
            matokeo[i] = "kijani"
        else:
            baki.append(jibu[i])
    for i in range(len(jibu)):
        if matokeo[i] != "kijani" and jaribio[i] in baki:
            matokeo[i] = "njano"
            baki.remove(jaribio[i])
    return matokeo
```

Jaribu kwa maneno hayo mawili. "Asali" ikupe njano, njano, kijivu, kijani, kijani. "Saili" ikupe kijani, kijani, kijivu, kijani, kijani. Ikikupa chochote chengine, usiendelee na mengine mpaka hapa pawe sawa.

Hitilafu ya tatu iko kwenye kibodi ya chini ya skrini, na hii hutokea hata rangi za juu zikiwa sahihi. Katika "asali" a ya kwanza ni njano na a ya tatu ni kijivu. Programu inapaka kitufe cha a njano, kisha inafika ya tatu na kukipaka kijivu juu yake. Mchezaji anaangalia kibodi, anaona a imezimwa, anaacha kuitumia, na jibu lina a. Kanuni ni kwamba kitufe hakishuki daraja: kijani haigeuki njano, na njano haigeuki kijivu. Weka namba kwa kila rangi, 0 kwa kijivu, 1 kwa njano, 2 kwa kijani, na -1 kwa kitufe ambacho hakijaguswa, na upake kitufe pale tu ambapo namba mpya ni kubwa kuliko ya zamani.

Kama programu si yako bali umeipakua ikiwa imefungwa, na hitilafu ya rangi imo ndani, usiihangaikie kwa kubadilisha orodha. Wapo wanaoondoa maneno yote yenye irabu iliyorudiwa ili hitilafu isionekane. Utabaki na orodha fupi ya maneno ya ajabu ajabu. Mtafute mwenye kuandika programu.

Dalili: "ng'ombe" haiingii, au kisanduku kimoja kinabaki tupu

Jambo la kwanza la kuangalia ni ritifaa. Kwenye orodha yako umeandika `'` iliyonyooka, na simu ya mchezaji inaandika `’` iliyopinda bila kumuuliza. Kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Zigeuze zote ziwe moja kabla ya kulinganisha:

```python
def safisha(neno):
    neno = neno.strip().lower()
    for alama in "\u2018\u2019\u02bc`":
        neno = neno.replace(alama, "'")
    return neno
```

Ikiwa mchezo una kibodi yake ya skrini, hakikisha pia kitufe cha ritifaa kipo. Kibodi nyingi zilizonakiliwa kutoka Kiingereza zina q na x, ambazo Kiswahili hakizihitaji, na ritifaa hazina.

Sababu ya ndani zaidi ni kwamba orodha na ubao havikuhesabu kwa kipimo kimoja. "Ng'ombe" ukiihesabu kwa alama ina saba. Ukiacha ritifaa zinabaki sita. Ukiihesabu kwa sauti, ng' ikiwa moja, ni tano. Mtengenezaji aliyechuja orodha kwa `len(neno) == 5` halafu akatengeneza ubao unaounganisha ch, sh na ng' atapata "chaza" yenye alama tano ikikaa kwenye visanduku vinne, na cha tano kitabaki tupu.

Njia zote mbili zinachezeka. Kwa herufi, "shaba" dhidi ya "chaza" inakupa h ya kijani, na hiyo ni fununu nzuri: s si yenyewe, basi huenda ni ch, dh, gh, th au kh. Kwa sauti, sh inakuwa kijivu tu na fununu hiyo inapotea, lakini ubao unafanana zaidi na tunavyotamka. Kwa watoto wa skuli napendelea njia ya sauti, kwa watu wazima ya herufi. Ukichagua ya sauti, kata neno kwa kutanguliza alama ndefu:

```python
import re
SAUTI = re.compile(r"ng'|ny|ch|sh|th|dh|gh|kh|[a-z]")
SAUTI.findall("ng'ombe")   # ["ng'", 'o', 'm', 'b', 'e']
```

Kisha chuja orodha kwa urefu wa matokeo haya, si kwa urefu wa neno. Kipengele cha `rangi` hakihitaji kubadilishwa, maana kinapokea orodha ya visanduku kama kinavyopokea neno. Angalia kwamba "kanga" inakatwa k, a, n, g, a, na hilo si kosa: pale g inasikika.

Dalili: kwa mchezo wa silabi, hesabu ya silabi haikubaliani na ya mchezaji

Mchezo wa silabi unaweka silabi nzima katika kila kisanduku, kwa mfano nga-la-wa. Malalamiko ya kawaida ni kwamba "mtoto" imekatwa mto-to. Programu imeambiwa silabi ni konsonanti zozote zikifuatwa na irabu, na kwa maneno mengi hiyo inatosha, ila m ya "mtoto" inasimama peke yake: m-to-to. Rekebisha kwanza hili: m ikifuatwa na konsonanti yoyote isipokuwa b, v na w, ikate iwe silabi. Irabu mbili zikifuatana, kila moja ni silabi yake, kwa hiyo "mzee" ni m-ze-e.

Baada ya hapo yanakuja maneno mafupi, mbwa, nchi, nne, nta, ambayo m au n yake ni silabi kwa sababu bila hiyo neno lingebaki na silabi moja. Halafu maneno ya mkopo ambayo silabi inafungwa na konsonanti: lab-da, mak-ta-ba, daf-ta-ri. Programu ya kanuni rahisi itakata la-bda.

Mb na mv ndiyo sehemu ambayo hakuna kanuni ya herufi itakayokuokoa. "Mbuni" ndege ni mbu-ni, silabi mbili. "Mbuni" mti wa kahawa ni m-bu-ni, silabi tatu. Herufi ni zile zile. Kwa hiyo acha kuilazimisha programu ikate yenyewe. Weka safu ya pili kwenye faili, silabi zikiwa zimekatwa kwa mkono, na uiache programu ikate maneno mepesi tu. Yoyote yenye konsonanti mbili zinazofuatana, ukiacha sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili, yawekwe kando yaangaliwe na mtu. Neno kama "mbuni" litoe kwenye majibu ya silabi kabisa.

Lalamiko jengine la mchezo huu ni kwamba kila jaribio linarudi kijivu tupu. Hapo hakuna kilichoharibika. Herufi ziko chache, silabi za Kiswahili ni zaidi ya 100, na majaribio sita hayatoshi kuzipapasa. Jibu likiwa "ngalawa" na mchezaji akaandika "kibanda", hapati kitu. Kinachosaidia ni kuongeza alama ndogo chini ya kisanduku pale ambapo irabu ya silabi inalingana na ya jibu mahali hapo. "Kibanda" itapata alama mbili, chini ya ba na chini ya nda, na mchezaji atajua angalau silabi mbili za mwisho zinamalizikia kwa a. Usiipake njano alama hiyo, maana njano tayari ina maana yake.

Mkibishana kuhusu mkato wa neno na kila mmoja ana kamusi yake, usiliamue kwa kura za wachezaji. Mpelekee mwalimu wa Kiswahili au waulize BAKIZA, na neno likae nje ya orodha mpaka upate jawabu.